Ndimi Zilizoipokea: Kusengenya na Uvumi katika Jamii Zetu za Dallas na Houston

(Maandishi ya mhadhara wa Ramadhani uliotolewa baada ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na ahli zake na masahaba zake. Amma baad.



Uongozi wa jumuiya umeniomba nizungumze juu ya kusengenya na uvumi. Sitazungumza juu ya maovu ya ulimi kwa jumla, maana hayo mmeyasikia tangu chuoni. Nitakichukua kisa kimoja mnachokijua, kisa cha Ifki, uzushi aliozuliwa mama yetu Bibi Aisha (R.A.), na nitauliza ndani yake swali moja ambalo aghalabu hatuliulizi: nani hasa aliyeubeba uvumi ule kutoka nyumba hata nyumba? Aliyeuzua tunamjua. Lakini mtu mmoja hawezi kuueneza uvumi katika mji mzima peke yake.

Kwanza tuyaweke maneno mahali pake. Kiswahili chetu kina maneno mengi kwa jambo hili: kusengenya, kuteta, umbea, uzushi, uchongezi, fitina. Katika sharia yamepangwa kwa namna iliyo nyepesi zaidi. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba zake kama wanajua nini maana ya ghiba, kisa akawaeleza kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa: je, kama jambo hilo analo kweli? Akajibu kwamba kama analo, hiyo ndiyo ghiba. Na kama hanalo, basi umemzulia, na huo ni buhtani. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Tazameni basi hoja yetu ya kila siku, ile ya kusema, «Mimi simsengenyi, nasema kweli tupu.» Hoja hiyo haimtoi mtu katika kosa. Inamthibitisha tu kwamba kosa lake ni ghiba na si buhtani. La tatu ni namima, yaani kuyachukua maneno ya huyu ukampelekea yule ili mambo yaharibike baina yao.

Sasa tuingie katika kisa.

Mtume (S.A.W.) alikuwa anarejea kutoka vita vya Banu Mustaliq, mwaka wa 5 au wa 6 wa Hijra, kwani wanahistoria wamehitilafiana. Jeshi lilipiga kambi usiku karibu na Madina. Bibi Aisha alikwenda haja mbali na kambi, na aliporudi akapapasa shingo yake, akaukosa mkufu wake wa shanga za Yemen. Akarudi kuutafuta. Huku nyuma watu walikinyanyua kibanda chake cha juu ya ngamia wakidhani yumo ndani, kwani alikuwa binti mdogo, mwepesi wa mwili, wakaondoka. Aliporejea hakumkuta mtu. Akakaa palepale alipokuwa, akijua kwamba watakapomkosa watamrudia, na usingizi ukamchukua.

Safwan bin Muattal alikuwa amebaki nyuma ya jeshi. Alipofika akamtambua, maana alikuwa amepata kumwona kabla haijateremka aya ya hijabu. Hakumsemesha zaidi ya kusema maneno ambayo Mwislamu huyasema anapofikwa na msiba. Akampigisha ngamia magoti, Bibi Aisha akapanda, naye akashika hatamu akatembea mbele kwa miguu mpaka wakalifikia jeshi adhuhuri, watu wakiwa wamepumzika kwa sababu ya joto.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na hayo ndiyo watu waliyoyaona kwa macho: mwanamke juu ya ngamia, mwanamume ameshika hatamu, mchana kweupe. Lililozidi hapo halikuonwa na mtu. Lilisemwa. Aliyelianza ni Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, ambaye alikuwa na chuki yake ya siku nyingi, kwani Madina ilikuwa karibu kumfanya mfalme kabla Mtume hajahamia.

Hapa ndipo penye swali letu. Waliotajwa kwa majina kuwa waliubeba uvumi huo ni watatu: Mistah bin Uthatha, Hassan bin Thabit, na Hamna bint Jahsh. Mistah alikuwa mtu wa Badri, na jamaa wa Sayyidna Abubakar aliyekuwa akimlisha kwa sababu ya udugu na umaskini wake. Hassan ndiye mshairi aliyemtetea Mtume kwa ulimi wake. Hamna alikuwa dada wa Bibi Zainab bint Jahsh, mke wa Mtume, na alilisema alilolisema akidhani anampigania dada yake dhidi ya mke mwenziwe. Hakuna mnafiki katika hao watatu. Ni Waislamu wa kweli, wenye sala zao na jihadi zao, na kila mmoja alikuwa na sababu ndogo ya kibinadamu.

Sura ya An-Nur, kuanzia aya ya 11, imelizungumza jambo hili kwa urefu, na katika aya ya 15 pana kauli ambayo wafasiri wameisimamia sana. Mwenyezi Mungu anawaeleza watu wale kwamba waliipokea habari ile kwa ndimi zao. Habari hupokewa kwa masikio, kisha moyo ukaipima, kisha ulimi ukanena au ukanyamaza. Wao habari ilifika ikapitia ulimini moja kwa moja. Masikio na moyo havikupata zamu. Sijui kama upo wasifu ulio sahihi zaidi kuliko huu wa jinsi kidole gumba kinavyotuma ujumbe mbele kabla jicho halijaumaliza.

Na tazameni madhara, na namna yalivyopita mipaka ya mtu mmoja. Bibi Aisha aliugua mwezi mzima aliporudi Madina, wala hakujua lolote. Alichokihisi ni kwamba Mtume akiingia hamwonyeshi ule upole aliouzoea anapokuwa mgonjwa. Huuliza hali yake tu, kisha hutoka. Mwenye kusemwa ndiye wa mwisho kujua. Anachokiona yeye ni nyuso zilizobadilika. Alikuja kujua usiku mmoja walipotoka na mama yake Mistah. Mama huyo alijikwaa kwenye nguo yake akamlaani mwanawe. Bibi Aisha akamkemea: vipi amlaani mtu aliyepigana Badri? Ndipo alipoambiwa. Akaomba ruhusa kwenda kwa wazazi wake, akalia usiku kucha na mchana kutwa hata wazazi wake wakadhani kilio kitampasua ini.

Mtume alipopanda mimbari kuomba nani atamwondolea udhia wa mtu aliyemuudhi kwa ahli yake, viongozi wa Aus na Khazraji walijibizana msikitini mpaka wakakaribia kupigana, na Mtume yuko juu ya mimbari anawatuliza. Makabila mawili yaliyopatanishwa na Uislamu, baada ya vita vyao vya zamani, yalikaribia kurudi kulekule kwa sababu ya mkufu uliokatika. Basi mtu asituambie kuwa umbea ni mambo ya wanawake jikoni. Waliokaribia kupigana ni wanaume, tena msikitini.

Kuna waliokataa kuubeba. Abu Ayyub al-Ansari alizungumza na mkewe nyumbani, wakajipima wao wenyewe kwanza: kama sisi tusingelitenda jambo hilo, vipi tuwadhanie walio bora kuliko sisi? Barira, mtumishi wa nyumbani, alipoulizwa, alisema hakupata kuona aibu ya Bibi Aisha ila kwamba ni binti mdogo anayelala akauacha unga uliokandwa, mbuzi akaja akaula. Ushahidi wa Barira ulikuwa wa jambo aliloliona yeye mwenyewe, si zaidi. Na Bibi Zainab, ambaye kuliko wake wote wa Mtume ndiye aliyekaribia kulingana na Bibi Aisha kwa cheo, na ambaye dada yake alikuwa akieneza maneno hayo kwa ajili yake, alikataa. Alisema anayalinda masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwake ila kheri. Yeye ndiye aliyekuwa na faida, na yeye ndiye aliyenyamaza.

Ndugu zangu, msije mkadhani habari hizi ni za kale tu. Zimetokea hapa Texas, na baadhi yenu mlikuwepo. Tarehe 21 Mei 2016, mbele ya Kituo cha Daawa ya Kiislamu katikati ya Houston, palikusanyika makundi mawili. Moja lilikuja kupinga Uislamu, limeitwa na ukurasa wa Facebook wenye jina «Heart of Texas». La pili lilikuja upande wa pili, na mkutano wa kukitetea kituo ulikuwa umetangazwa na ukurasa wenye jina «United Muslims of America». Watu walipigiana kelele kutoka pande mbili za barabara. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Novemba 2017, Kamati ya Upelelezi ya Seneti ya Marekani ilieleza hadharani kwamba kurasa zote mbili ziliendeshwa na watu walewale, walioko Urusi, na kwamba kuwaita watu wale kuliwagharimu takriban dola 200 tu za matangazo. Wazuaji hawakukanyaga Houston. Waliobaki wamesimama juani, wanatazamana kwa chuki, ni wakazi wa mji huu huu. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru tuhakikishe habari anapotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Je, habari ambayo mletaji wake hajulikani hata kama yupo?

Lakini Warusi ni wepesi kuwazungumzia, kwa sababu wako mbali. Tuje nyumbani.

Tujaalie mfano, nasema mfano, asiutafute mtu mwenyewe. Dada mmoja wa kwetu anaishi Arlington, anafanya kazi ya usiku ya kuuguza wazee. Gari lake limeharibika. Asubuhi mfanyakazi mwenzake, mwanamume, anampa lifti, anamshusha mlangoni saa moja. Mtu wa kwetu anapita, anaona. Mpaka hapo tuko na ngamia na hatamu: jambo limeonwa, nalo ni la kawaida.

Anamwambia mwenzake: «Nimemwona fulani anashushwa na mwanamume asubuhi.» Neno hili ni kweli, lakini limeacha nje kazi ya usiku na gari bovu. Wa pili anamwambia wa tatu: «Fulani anaonekana akiletwa na wanaume asubuhi.» Mara moja imekuwa mazoea, na mmoja amekuwa wengi. Wa tatu anatuma ujumbe wa sauti: «Inasemekana kwa mumewe hakukaliki.» Hapa sasa hakuna tena aliyeona, neno «inasemekana» limemfuta shahidi, na mtu akitaka kuuliza hajui amuulize nani. Kutoka hapa mpaka Houston ni mwendo wa saa nne kwa gari, lakini habari hiyo hufika kabla dereva hajafika Corsicana. Mombasa kule ni alasiri. Mama mzazi wa dada huyo anapigiwa simu na jirani kumpa pole kwa ndoa ya binti yake kuvunjika. Yote hayo, na mwenyewe bado amelala, anapumzika na kazi ya usiku.

Angelikuwa Mombasa, au Unguja, au Moroni, angelikuwa na ukuta wa kumkinga. Kuna shangazi aliyemlea, jirani aliyemjua miaka 30, mwalimu wake wa chuoni, mtu akisema neno, watatokea watu wa kusema, «Huyo twamjua sisi.» Hapa tunajuana kwa miaka miwili, mitatu, tena siku za Idi na za misiba. Pengo lile la kutojuana ndilo linalojazwa na uvumi. Na tazameni ni mambo mangapi tunayoyaendesha kwa kuaminiana tu: upatu hauna mkataba, mchango wa maziko hauna hakimu, mtoto unamwacha kwa jirani ili uwahi kazini. Mtu akishaharibiwa jina huku, hatasemwa tu. Hataitwa katika upatu, watoto wake hawataalikwa, na siku atakapofiwa atapiga simu tano zisizopokelewa. Mtu anaweza kuwa peke yake kabisa katika mji wenye misikiti mingi kama huu.

Kuna alama moja kwenye simu zenu ambayo ingefaa tuijue maana yake. Ujumbe wa WhatsApp ukija na mishale miwili juu yake, maana yake umekwisha pitishwa mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Hiyo ni isnadi isiyo na majina. Maulamaa wetu waliikataa hadithi kwa sababu mpokezi mmoja tu katikati hakujulikana. Sisi tunaikubali habari ya heshima ya mtu, na wapokezi wote hawajulikani.

Imamu Ghazali, katika Ihya, ametaja aina ya ghiba ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu imevaa kanzu. Ni ya mtu anayetajiwa fulani akasema, «Alhamdulillahi ambaye hakutujaribu kwa mtihani huo,» au akahuzunika, «Maskini, amenisikitisha, Mungu amsamehe.» Anasema huyu amekusanya mawili: amemsengenya mwenzake na amejisifu nafsi yake kwa uchamungu. Nayaona haya katika makundi yetu: «Tumuombee dua fulani, ana matatizo nyumbani.» Kama ni dua, Mwenyezi Mungu anamjua kwa jina, na sijda ipo. Kwa nini dua ile ilihitaji watu 200 waisome?

Nimeulizwa na dada mmoja kabla ya futari swali la haki kabisa: je, basi tunyamaze hata tukidhulumiwa? Hapana. Imamu Nawawi katika Riyadhu Swalihin ametaja sababu sita za sharia zinazoruhusu kumtaja asiyekuwepo, na ya kwanza kabisa ni aliyedhulumiwa kumpelekea malalamiko mwenye uwezo wa kumpa haki yake. Mwanamke anayepigwa na mumewe akamweleza imamu, akawaeleza polisi, akamweleza mwanasheria, hakusengenya. Mwenye kumwambia «usitangaze aibu ya nyumba» ndiye atakayeulizwa. Vivyo hivyo mchango ukipotea: wanachama wana haki ya kuudai uongozi hesabu, kwa maandishi, katika kikao. Lakini kuizungumza hesabu hiyo kwenye maegesho ya magari, na mweka hazina hayupo, na risiti hazijatazamwa, hakurudishi dola hata moja.

Sababu nyingine aliyoitaja ni kushauriwa, na hili linatuhusu sana, maana simu zinatoka nyumbani: «Kijana fulani wa huko Dallas ametuposea binti yetu, mnamjuaje?» Bibi Fatima bint Qais alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa ameposwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume akamwambia kwamba Muawiya ni maskini asiye na mali, na Abu Jahm haishushi fimbo yake begani, akamshauri aolewe na Usama bin Zaid, naye akaolewa naye. Zipimeni sentensi zile. Kila mtu alitajwa kwa jambo moja, na jambo hilo lilihusu ndoa. Aliambiwa aliyeuliza tu, kwa sababu ameuliza. Hatukusikia habari za ukoo wa Abu Jahm, wala za mkewe wa kwanza. Basi ukipigiwa simu hiyo, sema unalolijua wewe mwenyewe, lile linalomhusu binti wa watu, kisha kata simu. Usipomjua kijana, sema humjui. Hilo nalo ni jibu kamili.

Na aliyekwisha kusema? Wengi wetu tuko hapo. Saumu yake, kwa kauli ya maulamaa walio wengi, haibatiliki, ingawa Imamu Auzai alisema inabatilika na hulipwa. Ila wote wamekubaliana kuwa thawabu iko hatarini, kwani Mtume ametueleza kuwa Mwenyezi Mungu hana haja na njaa ya mtu asiyeacha maneno ya uongo. Ama haki ya aliyesemwa, ikiwa maneno yamekwisha mfikia, ni kumwendea umtake radhi. Ikiwa hayajamfikia, maulamaa wengi wameona usiende kumjeruhi upya kwa kumhadithia. Muombee maghufira, na umtaje kwa wema palepale ulipomtaja kwa ubaya. Palepale, nasema. Kama ulimtaja kundini, huwezi kumsafisha faraghani kwa mtu mmoja. Ule uwezo wa kuufuta ujumbe kwa wote una muda wake, na haufuti picha iliyokwisha chukuliwa ya skrini. Andika waziwazi: «Lile nililoleta juu ya fulani sikulihakikisha, nalirudisha.» Ni maneno machache, na ni mazito kuliko rakaa 20.

Nimalizie kisa, maana watu hukiishia pale aya zilipoteremka na Bibi Aisha akatakasika. Sayyidna Abubakar aliapa kuwa hatampa Mistah chochote tena. Ni baba aliyeumizwa, na aliyemuumiza ni mtu anayekula mezani pake. Ikateremka aya ya 22 ya sura hiyohiyo, ikiwataka wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa zao na maskini, na kuwauliza kama wao hawapendi kusamehewa. Abubakar akasema kuwa naam, anapenda, akamrudishia Mistah matumizi yake yote.

Na miaka mingi baadaye, Hassan bin Thabit akiwa mzee, amekuwa kipofu, alikuwa akiingia kwa Bibi Aisha. Siku moja Urwa, mtoto wa dada yake, alianza kumtukana Hassan mbele yake, kwa sababu ya yale aliyoyasema zamani. Bibi Aisha akamkataza. Akamwambia amwache, kwani Hassan alikuwa akimtetea Mtume (S.A.W.).

Wabillahi tawfiq. Muadhini, bismillahi, tuadhinie.